Tui si Maziwa



Ndugu wasomaji, tunataka kuzungumza nanyi juu ya kikombe cha maziwa. Jambo hili lilianza nyumbani kwetu Ramadhani ya mwaka jana, likaishia kwenye mizani ya kliniki ya watoto, na tangu hapo tumekuwa tukiulizwa habari zake na wazazi wengi kiasi kwamba tumeona ni afadhali kuliandika mara moja.

Ada ya kwetu, kama ilivyo ada ya nyumba nyingi za Malindi, Mambrui na Takaungu, ni kufungua kwa tende na kitu cha kunywa, kuswali Maghribi, kisha kurudi kwenye sinia la futari. Mwaka huo joto lilikuwa kali na sisi tukapendezewa na maziwa baridi. Mchuuzi akituletea lita mbili kila alasiri, yakichemshwa, yakapoa, yakatiwa katika friji, na adhana ikilia tukiyamaliza bilauri kubwa mbili kwa pumzi chache. Saa moja na nusu baadaye, katika rakaa za mwanzo za tarawehe, tumbo likaanza kuunguruma kwa sauti iliyosikika hadi safu ya kwanza. Usiku wa kwanza tulivumilia. Usiku wa tatu ilibidi tumuashirie aliyekuwa nyuma yetu ashike nafasi, nasi tukatoka upesi kuelekea chooni, tukatawadha upya na kuswali zilizobaki peke yetu kando ya nguzo.

Binti yetu, ambaye anafanya kazi Mombasa na husoma sana mambo ya afya, aliposikia kisa hiki alitoa hukumu papo hapo. Alisema, "Baba, wewe huwezi sukari ya maziwa. Na si wewe peke yako, ni ukoo mzima." Wiki iliyofuata alikuja na maboksi kumi na mawili ya kinywaji cha lozi, yenye picha nzuri ya ua jeupe, na akaamuru maziwa ya ng'ombe yasiingie tena nyumbani. Tulishukuru, maana alifanya kwa mapenzi. Katika amri hiyo aliingiza pia kikombe cha mwanawe, mjukuu wetu wa miaka miwili na miezi miwili tuliyekuwa tukimlea, kwa kuwa mtoto huyo naye alikuwa ametoka kuugua tumbo la kuhara na kila akipewa maziwa choo chake kilikuwa chepesi.

Bibi yake alilionja boksi la kwanza, akaliangalia, akasema neno moja tu: "Hili ni tui." Tulicheka wakati ule. Miezi mitatu baadaye hatukuwa tukicheka.

Tuanze na tumbo letu sisi watu wazima, kisha twende kwa mtoto, maana kosa lilikuwa katika kuyafanya matumbo haya mawili kuwa kitu kimoja.

Maziwa yana sukari yake ya pekee iitwayo laktosi. Sukari hii haipiti katika ukuta wa utumbo ikiwa nzima. Sharti ivunjwe vipande viwili kwanza, na anayeivunja ni kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachotengenezwa katika ngozi laini ya utumbo mwembamba. Mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya hiki kwa wingi, maana chakula chake chote ni maziwa. Kwa watu walio wengi duniani, karibu theluthi mbili ya watu wazima, kimeng'enya hicho hupungua pole pole baada ya utoto. Huo si ugonjwa, ndio umbile la asili. Sukari isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, huko huvuta maji, na bakteria wa humo huichachusha na kutoa gesi. Hapo ndipo hutokea kuunguruma, kujaa upepo, msokoto na kuhara, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa kadhaa baada ya kunywa.

Wako watu ambao kimeng'enya chao hakipungui maisha yao yote, na wengi wao ni vizazi vya wafugaji. Mwaka 2007 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliofanywa kwa watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan. Watu hao walinyweshwa sukari ya maziwa, kisha ikapimwa sukari iliyopanda katika damu yao. Watafiti waligundua kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana badiliko lao wenyewe la kurithi linalokiweka hai kimeng'enya hicho, na badiliko hilo si lile la watu wa Ulaya. Waarabu nao wana la kwao, ambalo watafiti wengine wamelihusisha na ufugaji wa ngamia. Sisi wa mwambao, ambao mababu zetu waliishi kwa samaki, mihogo na nazi, na damu zetu zimechanganyika, hatuwezi kujua kwa kumtazama mtu usoni ni upande upi amerithi. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja huenda mmoja akanywa lita nzima akalala usingizi, na mwingine akakesha.

Lakini hata asiye na kimeng'enya cha kutosha hana sababu ya kuyakimbia maziwa, na hili ndilo tulilolikosa sote wawili, sisi na binti yetu. Jambo zima liko katika kipimo na wakati. Bilauri ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 12 za laktosi. Wengi wa watu wazima wasio na kimeng'enya huweza kiasi hicho kwa mara moja bila taabu kubwa, hasa wakikinywa pamoja na chakula, kwa sababu chakula huyachelewesha maziwa tumboni na sukari huteremka kidogo kidogo. Sasa itazameni futari yetu. Bilauri mbili kubwa, karibu mililita 600, ni gramu 28 hivi, zimeingia kwa mpigo katika tumbo lililokuwa tupu tangu daku. Mtu akitaka kulijaribu tumbo lake hatapata jaribio kali kuliko hilo. Na sisi wenyewe tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa kila asubuhi ya mwaka kwa miaka hamsini bila kulalamika, kwa kuwa kikombe cha chai kina maziwa kidogo, yapata gramu 5 za laktosi, na huliwa na mkate au mahamri.

Tumesikia watu wakisema dawa ni kuyachemsha zaidi, au kununua yaliyopunguzwa mafuta. Yote mawili hayaigusi sukari hiyo: kuchemsha huua vijidudu, na kupunguza mafuta hupunguza mafuta. Wengine husema yasichemshwe kabisa kwa kuwa maziwa mabichi yana kimeng'enya ndani yake. Hayana. Yana hatari ya brusela, homa ambayo wafugaji wanaijua vizuri, inayomrudiarudia mtu kwa miezi pamoja na maumivu ya viungo. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia nayo yana laktosi, kiasi kinachokaribiana na ya ng'ombe. Kinachosaidia kweli ni mtindi, yaani maziwa lala. Bakteria wanaoyagandisha maziwa hula sehemu ya sukari, na wale walio hai huendelea kutusaidia kuivunja iliyobaki ndani ya utumbo wetu. Mtindi uliochemshwa baada ya kuganda hupoteza msaada huo wa pili, kwa kuwa bakteria wamekufa. Madukani kuna pia maziwa ya ng'ombe yaliyoondolewa laktosi. Hayo yametiwa kimeng'enya kiwandani, na utamu wake umezidi kidogo kwa sababu sukari imekwisha kuvunjwa. Protini na kalsiamu yake ni ile ile.

Sasa tuje kwa mtoto. Kupungua kwa kimeng'enya kwa njia ya kurithi huonekana kwa kawaida baada ya miaka ya mwanzo ya utoto, si kwa mtoto mchanga. Mtoto wa miaka miwili anayeharishwa na maziwa ana sababu nyingine iliyo karibu zaidi, na mara nyingi ni ile iliyokuwa kwa mjukuu wetu. Alikuwa ametoka kuugua tumbo. Maradhi ya kuhara huichubua ngozi ya juu ya utumbo, palepale kimeng'enya kinapotengenezwa, na mpaka ngozi hiyo iote upya maziwa mengi humsumbua. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki chache, kisha humalizika. Ushahidi tulikuwa nao mbele ya macho yetu: mtoto huyu alinyonya miaka miwili kamili bila shida, na maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, takriban gramu 7 kwa kila mililita 100 dhidi ya 5 za ng'ombe. Mtoto aliyestawi kwa maziwa ya mama hakuzaliwa na tumbo linalokataa sukari hiyo.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hulichanganya na haya, nalo ni mzio wa protini ya maziwa. Huyo akinywa hata kijiko, huenda midomo ikavimba, mwili ukatoka vipele, akatapika mara moja, au kwa mtoto mchanga choo kikaonekana na damu. Mzio hauhusiani na sukari. Mwenye mzio hatasaidiwa na mtindi wala maziwa yaliyoondolewa laktosi, wala asijaribiwe kwa maziwa ya mbuzi, maana protini zake zinafanana. Huyo ni wa daktari, wala si wa kushauriwa barazani.

Turudi kwenye neno la bibi. Wazee wetu wa mwambao walijua kukamua kitu cheupe kutoka kwenye tunda la mti tangu zamani. Walikuna nazi, wakaitia maji, wakaikamua, wakaichuja, kikatoka kitu cheupe kama maziwa, lakini hawakukiita maziwa. Walikipa jina lake, tui. Ziko lugha ambazo hazikuwa na neno hilo, zikasema maziwa ya nazi, na leo zinasema maziwa ya lozi, ya soya, ya oti. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilihukumu kwamba kinywaji kitokanacho na mimea pekee kisiuzwe kwa jina la maziwa, ila pale sheria ilipotaja ruhusa. Kiswahili kilikuwa kimeshahukumu bila mahakama.

Na tui hubeba kilichomo katika kile kilichokamuliwa, likapungua kwa kadiri ya maji yaliyotiwa. Basi tulikaa sote, binti, bibi na sisi, siku tuliyorudi kliniki, tukalisoma boksi la lozi, si upande wa ua jeupe bali upande wa maandishi madogo. Liliandikwa lozi asilimia 2.5. Maana yake lita nzima ina gramu 25 za lozi, na lozi moja kavu ina uzito wa gramu moja na kitu. Kwa hiyo boksi zima lilikuwa na lozi ishirini hivi, ukuta wa kiganja kimoja, nyingine zote ni maji, chumvi kidogo na kitu cha kulizitisha. Lozi zenyewe ni chakula kizuri, lakini ishirini katika lita ni kivuli cha lozi. Protini yake ni gramu 0.5 kwa kila mililita 100. Ya ng'ombe ni zaidi ya gramu 3.

Oti ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya shayiri. Kinywaji chake kilibuniwa Sweden katika miaka ya 1990, na aliyekiasisi, Rickard Öste wa Chuo Kikuu cha Lund, alikuwa mtafiti wa habari hizi hizi za laktosi. Oti husagwa na maji, kisha hutiwa vimeng'enya vinavyouvunja wanga wake kuwa sukari. Ndiyo sababu kinywaji hicho ni kitamu hata pasipotiwa sukari ya kijiko, na ndiyo sababu, ukikitazama kwa haki, ni uji mwepesi uliochujwa. Protini yake ni takriban gramu 1 kwa mililita 100, pengine pungufu, tena ni protini ya nafaka, ile ile ambayo mtoto wetu anaipata kwa wingi katika uji wa mahindi na wali.

Soya peke yake ndiyo inayosimama karibu na ng'ombe. Ni jamii ya kunde, na protini yake katika boksi zuri ni gramu 3 hivi kwa mililita 100, na ubora wake unakaribia ule wa wanyama. Anayeitengeneza nyumbani aloweke usiku kucha, asage, achuje, na baada ya hapo aichemshe kwa muda mrefu, dakika 20 hivi tangu kutokota, akiikoroga. Soya isiyoiva ina kitu kinachoizuia protini isimeng'enywe, na mtu hupata kichefuchefu akadhani soya ndiyo mbaya.

Hayo ni ya protini. Kalsiamu ni hadithi nyingine, na hapa boksi linaweza kumdanganya hata msomaji makini. Maziwa ya ng'ombe yana takriban miligramu 120 za kalsiamu kwa kila mililita 100, na yamo humo kwa asili yake. Tui la lozi, la oti na la soya kwa asili yana kidogo sana. Iliyomo hutiwa kiwandani, na kiwanda kikitaka huifikisha 120 ile ile. Kwa hiyo maboksi mawili ya lozi yaliyokaa rafu moja yanaweza kuwa moja na kalsiamu kamili na jingine bila chochote, na uso wao ukawa sawa. La kutafuta ni neno la kalsiamu katika orodha ya vilivyotiwa, na tarakimu iliyo karibu na 120. Tena kalsiamu hiyo mara nyingi ni unga wa chokaa, huzama chini ya boksi. Asiyelitikisa vizuri hunywa maji meupe mwezi mzima na kuutupa mchanga wenye faida pamoja na boksi. Na anayekamua lozi, oti au soya mwenyewe jikoni hajatia kalsiamu yoyote, hata kama ametumia lozi bora za Oman.

Sasa hesabu ya mjukuu wetu. Mtoto wa umri wake huhitaji takriban gramu 13 za protini kwa siku na miligramu 500 za kalsiamu. Kabla ya maboksi kuja alikuwa akinywa nusu lita ya maziwa kwa siku, vikombe viwili. Nusu lita ya ng'ombe ilimpa gramu 16 za protini na miligramu 600 za kalsiamu. Haja yake yote ilikuwa imetimia kabla hajagusa sahani, na hilo ndilo lililotufanya tusihangaike alipokuwa mchaguzi wa chakula, akipenda wali mweupe, uji na mkate, na kutema samaki. Alipobadilishiwa, nusu lita ile ile ilimpa gramu 2 na nusu za protini. Boksi letu halikutiwa kalsiamu. Nguvu za chakula nazo zilishuka, maana nusu lita ya maziwa yenye mafuta ina takriban kalori 300 na ya lozi isiyo na sukari haifiki 100. Tumbo lake lilijaa maji meupe, na aliposhiba nayo, hata wali akauacha.

Kuhara kulikoma, tukamsifu binti. Kungalikoma vilevile, maana utumbo ulikuwa ushapona. Lakini kadi ya kliniki ilisema vingine. Mwezi wa kwanza alikuwa kilo 11.2. Mwezi wa pili 11.2. Mwezi wa tatu 11.1. Mtoto wa umri huo huongeza yapata gramu 200 kwa mwezi, naye alikuwa amesimama, na mstari uliokuwa ukipanda katika kadi ulilala. Muuguzi aliyempima alimbonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, akahesabu kidogo, akaachia, akatazama kama panabaki shimo. Halikubaki. Alitueleza kwamba shimo likibaki miguuni pote pawili ni dalili ya unyafuzi, yaani kwashiakoo, na mtoto huyo haendi nyumbani siku hiyo. Kisha akauliza, "Maalim, mtoto anakunywa nini?" Tukajibu kwa fahari kidogo, "Maziwa ya lozi." Alinyamaza, akaandika.

Ikiwa kuna anayedhani muuguzi yule alitia chumvi, na ajue kwamba mambo haya yameshatokea katika nchi tajiri. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, waliandika katika jarida la Pediatrics habari za watoto wawili wa chini ya miaka miwili. Mmoja alinyweshwa kinywaji cha mchele badala ya maziwa, kwa kuwa wazazi walidhani maziwa yanamletea ukurutu. Alifikishwa hospitali amevimba kwa kwashiakoo. Wa pili alipewa kinywaji cha soya kisichotiwa madini wala vitamini, akapata matege, ugonjwa wa mifupa laini. Wazazi wao walikuwa wenye kujali, na waliyafanya hayo kwa kuwatakia watoto heri.

Tuliyoyafanya kwa mjukuu ni haya. Siku tatu za mwanzo alipewa mtindi, nusu kikombe pamoja na uji asubuhi na nusu kikombe pamoja na wali jioni. Choo hakikubadilika. Kisha maziwa yaliyochemshwa, nusu kikombe kwa mara moja, siku zote na chakula, hata vikarudi vikombe viwili kwa siku. Tulizuia pia yasizidi hapo, maana mtoto anayekunywa lita ya maziwa huacha chakula na hupungukiwa na madini ya chuma. Bibi yake akaanza kusaga dagaa wakavu pamoja na mifupa yao na kuwatia katika mchuzi wa kunde, humo akawala bila kuwajua. Mifupa hiyo midogo ni kalsiamu tupu. Mchicha tuliuendeleza kwa faida zake nyingine, ila kalsiamu yake haituhusu sana, imefungwa na asidi iliyomo katika jani lenyewe na mwili huipata kidogo. Mwezi wa kwanza kilo 11.5. Mwezi wa pili 11.9.

Lau angalikuwa na mzio, njia ingalikuwa soya iliyotiwa kalsiamu, kwa ruhusa ya daktari, maana wako watoto wenye mzio wa vyote viwili. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja hana haki ya kupewa kimojawapo cha vinywaji hivi, wala maziwa ya ng'ombe, kuwa badala ya maziwa ya mama. Asiyenyonya ana maziwa yake maalumu ya watoto.

Kwa mtu mzima mwenye kula samaki, maharage na mayai, tui la lozi au la oti halina ubaya, ilimradi alijue kuwa ni kinywaji na wala si mlo. Anayelinunua kwa ajili ya mifupa yake alitafute lililotiwa kalsiamu. Asiyetaka kulipa zaidi ya mara mbili ya bei ya maziwa, na tatizo lake ni upepo tu, ajaribu kwanza kwa wiki mbili kuacha maziwa yote, kisha ayarudishe nusu bilauri na chakula, apandishe pole pole mpaka aone mpaka wake uko wapi. Wetu sisi uko kwenye bilauri moja na robo. Ikipita hapo, tumbo hutoa khutba.

Binti yetu alihuzunika, akalia kidogo, bibi akamnyamazisha kwa kumwambia kwamba sote wazima watatu tuliliona boksi na hakuna aliyeligeuza. Maboksi manne yaliyosalia bibi aliyapikia tambi za sukari. Ramadhani iliyopita tulifungua kwa tende na maji, tukaswali, na mtindi ukaletwa katika sinia pamoja na muhogo. Tarawehe tulizimaliza zote ishirini, isipokuwa usiku mmoja ambao jirani alituletea faluda, nasi hatukuuliza imepikwa kwa maziwa kiasi gani.